Keshia, afisa mikopo na meneja: kugawa ruhusa kwenye sistimu ya SACCOS ili siku iliyofungwa isiguswe

Msimu wa korosho ukianza, minada ikianza kulipa na wakulima wakianza kuleta hela, simu yangu haipumziki, na swali ni lilelile kutoka Masasi mpaka Ruangwa: "Kaka, keshia kakosea muamala wa wiki mbili nyuma, sistimu inakataa kufuta, nifungueje?" Jibu langu siku zote ni usifungue, na watu wanaona nawajibu kijeuri, kwahiyo naandika hapa moja kwa moja kila kitu ili next time... yaani siku nyingine nikiulizwa natuma hii tu.

Sistimu ninayowafungia watu ni Mifos X, ile programu ya bure ya akiba na mikopo ambayo ndani yake kuna Fineract. Kama yenu ni ya kununua menyu zitakuwa na majina mengine, ila mambo ninayosema utayakuta, na kama hayapo muulize aliyewauzia kwanini hayapo.

Kabla hujagusa chochote uwe na hivi

- Yuza mwenye ruhusa zote. Kama bado mnaingia na yuza `mifos` na paswedi `password` iliyokuja na sistimu, acha kusoma, nenda kabadilishe kwanza, maana dunia nzima inaijua.
- Majina ya wafanyakazi na kazi ya kila mtu kwa maandishi, iliyopitishwa na bodi. Sio "dada yule anasaidia kila kitu".
- Bakapu ya jana, na uwe umeshawahi kujaribu kuirudisha.
- Fomu ya kuhesabu hela ya jioni, karatasi tu, ina mistari ya noti za 10,000, 5,000, 2,000, 1,000 na sarafu, sahihi mbili chini.
- Saa mbili za utulivu. Usifanye hii kazi siku ya malipo ya mnada kaunta ikiwa imejaa wazee wanasubiri.

Hatua

1. Tengeneza majukumu matatu, usianze na watu. Nenda `Admin`, `System`, kisha `Manage Roles and Permissions`, ongeza Keshia, Afisa Mikopo, Meneja. Watu wanakosea hapa, wanatengeneza jukumu linaitwa kwa jina la mtu, mtu akihama wanabaki na jukumu lake linaelea na hakuna anayekumbuka lilikuwa na ruhusa gani.

2. Weka ruhusa. Nakuwekea zile za msingi tu, zile za kusoma, yaani zinazoanza na `READ_`, utaongeza kulingana na skrini anazohitaji mtu kuziona.

```
Keshia:
DEPOSIT_SAVINGSACCOUNT
WITHDRAWAL_SAVINGSACCOUNT
REPAYMENT_LOAN
DISBURSE_LOAN

Afisa Mikopo:
CREATE_CLIENT
CREATE_LOAN

Meneja:
APPROVE_LOAN
CREATE_GLCLOSURE
```

Angalia hiyo orodha vizuri, mkopo mmoja unapita mikono mitatu. Afisa anaingiza maombi, kamati ya mikopo ikikaa na kuandika muhtasari meneja ndio anabonyeza kuidhinisha, keshia anatoa hela. Afisa hawezi kutoa hela, keshia hawezi kutunga mkopo, na meneja, hapa ndio wananichukia, meneja hana ruhusa ya kuweka wala kutoa akiba ya mwanachama. Nishaambiwa "sasa mimi bosi nashindwaje kupokea laki moja ya mwanachama keshia akienda kula?" Ndio, unashindwa. Wewe ndio unayemkagua keshia jioni, ukipokea hela na wewe nani atakukagua?

3. Usimpe yeyote kati ya hawa `ALL_FUNCTIONS`. Hiyo ruhusa moja inafuta kazi yote uliyofanya hatua ya 2. Na `CHECKER_SUPER_USER` nayo iache, nitaeleza chini. Mkaguzi akija, wa COASCO, lile shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, au wa nje, mtengenezee jukumu lenye `ALL_FUNCTIONS_READ` peke yake, aone kila kitu asiguse kitu, akiondoka unamzima.

4. Sasa tengeneza yuza, mmoja kwa kila mtu, na umuunganishe na ofisi yake. Yuza anaona ofisi aliyowekwa na zile zilizo chini yake tu, kwahiyo keshia wa tawi la Newala ukimweka makao makuu Mtwara mjini ataona wanachama wa matawi yote. Kwa afisa mikopo, kwenye taarifa zake za mfanyakazi weka tiki kwamba ni afisa mikopo, la sivyo jina lake halitatokea kwenye fomu ya mkopo.

Kosa kubwa kuliko yote liko hapa na wala halihusiani na kompyuta: kuachiana paswedi. Keshia kaumwa, afisa mikopo anakalia kaunta kwa yuza ya keshia. Kesho yake ikitokea hela imepungua sistimu inasema ni keshia, na keshia alikuwa amelala hospitali ya Ligula. Kama mko wawili watatu tu, mpe afisa jukumu la Keshia siku hiyo, kwa yuza yake mwenyewe, jioni umwondolee, na siku hiyo asitoe mkopo wowote ambao maombi yake aliyaingiza yeye.

5. Washa kanuni ya macho manne. `System`, `Configurations`, tafuta `maker-checker`, washa. Halafu nenda `Configure Maker Checker Tasks` na uchague kazi ambazo mmoja ataomba na mwingine atakubali. Chagua hizi:

```
UNDOTRANSACTION_SAVINGSACCOUNT
ADJUSTTRANSACTION_SAVINGSACCOUNT
ADJUST_LOAN
CREATE_ACCOUNTTRANSFER
```

Ukishawasha hapo ndipo unamwongezea keshia hizo nne, na meneja unampa zile zile zenye mkia wa `_CHECKER`, mfano `UNDOTRANSACTION_SAVINGSACCOUNT_CHECKER`. Mpangilio huu una maana: ukimpa keshia kabla hujawasha, kwa muda huo anaweza kufuta muamala peke yake bila mtu kujua. Na meneja ukimpa `CHECKER_SUPER_USER` atakubali kila aina ya kazi hata usizotaka, ndio maana nilisema iache.

Onyo, usichague `DEPOSIT_SAVINGSACCOUNT`. Kuna chama walichagua kila kitu kwa kuogopa wizi, mwezi wa kumi na moja foleni ikatoka nje mpaka chini ya mwembe kwasababu kila amana ilikuwa inasubiri meneja abonyeze, na meneja yuko kwenye kikao cha AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima.

Baada ya kuwasha jaribu mwenyewe: ingia kama keshia, weka amana ya 1,000 kwenye akaunti ya majaribio, omba kuifuta. Isifutike. Ingia kama meneja, iwe inaonekana kwenye `Checker Inbox and Tasks`. Halafu jaribu kuikubali kwa yuza ya keshia, ikikubali jua kuna ruhusa umezidisha.

6. Anza kufunga siku. Hii ndio roho ya jambo lenyewe. Jioni keshia na meneja wanahesabu droo kwa ile fomu, wanalinganisha na sistimu. Mpangilio muhimu: keshia anahesabu na kuandika KABLA hajaonyeshwa sistimu inasema ngapi. Ukimwonyesha kwanza ataandika hiyo hiyo, sio kwamba ni mwizi, ni uchovu tu, binadamu.

Asubuhi meneja anaingia `Accounting`, `Closing Entries`, anachagua ofisi, anaweka tarehe ya jana, anaandika maelezo mfano "droo 4,315,500 imelingana". Kuanzia hapo muamala wowote wa ofisi hiyo wenye tarehe ya jana au nyuma yake unagoma, kuweka, kutoa, kufuta, kurekebisha. Kufunga ni kwa ofisi, ukifunga makao makuu usidhani na tawi limefungwa, kila moja na yake. Na usifunge tarehe ya leo kaunta ikiwa bado wazi, utajifungia nje mwenyewe.

Sasa mtego ambao karibu wote hawaujui. Kufunga kunafanya kazi upande wa leja. Kama bidhaa yenu ya akiba mliitengeneza na uhasibu ukawekwa `None`, miamala yake haiendi kwenye leja kabisa, na hapo funga siku mara mia, keshia ataendelea kuingiza amana ya mwezi uliopita bila shida. Fungua kila bidhaa ya akiba na mkopo uangalie hilo kabla hujaanza kujisifu kwa bodi.

7. Ruhusa ya kufungua, `DELETE_GLCLOSURE`, asiwe nayo keshia, afisa wala meneja. Mimi naiweka kwenye yuza ya peke yake, paswedi inaandikwa kwenye karatasi, inaingia kwenye bahasha, inafungwa, mwenyekiti wa bodi anasaini juu ya gundi, inakaa kwenye sefu. Bahasha ikichanika kila mtu anaona. Sistimu yenyewe inaruhusu kufuta ufungaji wa mwisho tu, kwahiyo ili ufike wiki mbili nyuma lazima ufute mmoja mmoja, na zote zinabaki kwenye `Audit Trails` na jina na saa.

Sasa keshia kakosea na siku imefungwa, unafanyaje

Nachukua kesi moja, namba nimezibadilisha ila ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 12 Novemba mama mmoja wa akaunti 000214 kaleta 350,000 za korosho. Keshia kaandika 000241, namba mbili zimepishana, ikaingia kwa baba mwingine kabisa. Jioni droo ililingana, maana hela ilikuwepo kweli, ilikosea mlango tu. Ndio maana kosa la aina hii ni baya kuliko la kukosea kiasi, la kiasi droo inakusema jioni ileile.

Tarehe 3 Desemba mama kaja na risiti, anataka kutoa hela ya ada ya mtoto. Salio halipo. Novemba imefungwa, ripoti ya mwezi ishaenda kwa bodi.

Wazo la kwanza la kila mtu ni kufungua Novemba, kufuta, kuingiza upya, kufunga. Inawezekana, bahasha ipo. Ila ukifanya hivyo ripoti iliyo mezani kwa bodi haitafanana tena na sistimu, na siku zote zile 21 zinakaa wazi kwa dakika ambazo mtu mwingine anaweza kupenyeza lake. Halafu yule baba ana SMS ya tarehe 12 inasema kaingiziwa 350,000, sistimu haina, nani atamwamini nani.

Tunaacha kosa likae pale lilipo, tunalirekebisha kwa muamala wa leo.

Kwanza tulikusanya ushahidi: nakala ya risiti ya mama, fomu ya kuweka hela ya tarehe 12 yenye sahihi yake, na taarifa ya akaunti ya 000241. Hapo ndipo tukakuta jambo. Baba alikuwa na 62,000 zake, ikaingia 350,000 ikawa 412,000, na tarehe 20 akatoa 120,000. Sasa hivi ana 292,000. Tukihamisha 350,000 haitoshi, inapungua 58,000, na sistimu itagoma kwasababu akaunti itakwenda chini ya sifuri.

Baba akapigiwa simu kwa heshima, "Baba shikamoo, tunaomba ufike ofisini kuna jambo la akaunti yako". Usimwambie kwenye simu kwamba katumia hela ya mtu, na usimtajie jina la huyo mama, taarifa za mwanachama ni siri yake. Alikuja, alidhani AMCOS ndio imemlipa malipo ya pili, wala hakubisha. Akasaini fomu ya kukubali kuhamishwa.

Muamala ukafanyika hivi, wote kwa tarehe 3 Desemba:

- Keshia kaomba kuhamisha 292,000 kutoka 000241 kwenda 000214, kwenye maelezo kaandika namba ya muamala wa tarehe 12 uliokosewa. Meneja kalinganisha na karatasi, kakubali.
- Zile 58,000 zilizobaki, mama hawezi kusubiri baba avune mwakani. Ziliwekwa kwenye akaunti yake kama amana yenye aina ya malipo tuliyoitengeneza inaitwa Marekebisho. Ujanja uko hapa: kwenye bidhaa ya akiba kuna sehemu ya kuunganisha kila aina ya malipo na akaunti yake ya leja, Marekebisho tumeiunganisha na akaunti ya mali inayoitwa Wadaiwa Makosa ya Miamala. Kwahiyo leja haisemi keshia kapokea taslimu 58,000 ambazo hazipo kwenye droo, inasema chama kinamdai mtu 58,000.
- Riba. Akiba yao inalipa asilimia 4 kwa mwaka kwa salio la kila siku, kwahiyo 350,000 kwa siku 21 ni kama shilingi 805. Ndogo, ila ni yake, akaongezewa kwa njia ile ile.

Baba akaandika atalipa 58,000 kwa awamu mbili. Zile 805 bodi ikakata kwa keshia, mimi nilisema chama kibebe, hawakunisikiliza.

Kuna watu wanafanya hii kwa kutoa taslimu kwa baba na kuweka taslimu kwa mama kwenye kompyuta tu. Mwisho wa siku droo inalingana ndio, ila kwenye rekodi baba "alitoa" hela ambayo hakuishika na hakusaini. Usifanye. Tumia kuhamisha.

Kama kosa limeonekana siku ileile kabla ya kufunga, hizo hadithi zote hazihitajiki. Keshia anaomba kufuta, meneja anakubali, anaingiza upya, basi. Muamala uliofutwa utaendelea kuonekana na alama kwamba umefutwa, usishtuke, ndivyo inavyotakiwa.

Ikigoma

*Kuhamisha kunaleta ujumbe wenye `financial activity` na namba 200.* Hujaunganisha akaunti ya mpito ya uhamisho. Nenda `Accounting`, `Accounts Linked to Financial Activities`, unganisha `Liability Transfer` na akaunti moja ya madeni, jaribu tena.

*Keshia anasema kafuta ila salio halibadiliki.* Ombi liko kwa meneja linasubiri. Wakati mwingine keshia akiona halibadiliki anaomba mara tatu, meneja anakuta maombi matatu ya kitu kimoja. Akubali moja, mengine akatae.

*Amana ya leo inagoma inasema tarehe iko ndani ya kipindi kilichofungwa.* Angalia tarehe ya kwenye fomu, mara nyingi imebaki ya jana. Ikiwa sahihi basi meneja kafunga leo kimakosa, na hapo ndio kazi halali ya ile bahasha, tena iandikwe kwenye daftari la bodi.

*Muamala wa zamani umebadilika na `Audit Trails` haina kitu.* Hii ni mbaya. Maana yake mtu kaingia kwenye kanzidata yenyewe, akapita nyuma ya majukumu yote niliyoeleza, huko hakuna keshia wala meneja. Badilisha paswedi ya kanzidata leo hii, uliza nani anayo, na fundi aliyewafungia sistimu awe wa kwanza kuulizwa, hata kama ni mimi. Halafu chukua bakapu ya kabla, linganisha salio la kila akaunti na la sasa, zile zinazotofautiana ndio uanze nazo.

*Meneja kasafiri Dodoma wiki nzima, maombi yamejaa.* Kaimu wake apewe jukumu la Meneja kwa barua ya bodi yenye tarehe ya kuanza na kuisha. Kaimu asiwe keshia. Na meneja akisema anaweza kukubali kwa simu akiwa safarini, ndio inawezekana, ila karatasi hazioni, kwahiyo anakubali nini?